Kamba ya Mbuzi: Jinsi ya Kuchagua Taswira Moja Ibebe Wimbo Mzima wa Kuondoka Nyumbani

Nyimbo za mtu anayeondoka kwao kwenda kutafuta kazi mjini huharibika mara nyingi kwa kubeba vitu vingi mno. Ubeti wa kwanza una machozi ya mama, barabara ndefu na jua linalozama. Wa pili una taa za mji na mvua. Wa tatu unaingiza bahari ya mawazo na mlima wa shida. Kila kimoja peke yake si kibaya, ila wimbo ukiisha msikilizaji hana anachokumbuka, kwa sababu kila kitu kilichoingia kilikisukuma nje kilichotangulia.

Dawa yake ni kuchagua kitu kimoja kinachoonekana na kushikika, kikae ndani ya wimbo kuanzia mshororo wa kwanza hadi wa mwisho, huku kazi yake ikibadilika kadiri maisha ya msemaji yanavyobadilika. Hapa chini tunafuata wimbo mmoja mfupi wa mfano: beti tatu, kiitikio, na daraja la mishororo miwili, yaani kipande kifupi kinachotangulia kiitikio cha mwisho. Taswira yake ni kamba. Tutaona ilivyopatikana, kwa nini ilizishinda nyingine, na mahali ambapo ingeweza kuharibika.

Hatua ya 1: Andika wimbo kwa sentensi moja

Kabla ya kutafuta taswira, andika sentensi moja inayosema nani anazungumza, anazungumza na nani, na nini kimegeuka kati ya mwanzo na mwisho. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. "Maisha ya mjini ni magumu" ni mada, na haina mwendo. Taswira ni chombo cha kubebea. Kama hakuna safari kutoka hapa hadi pale, hakuna cha kubebwa.

Sentensi ya wimbo wetu ni hii: mtoto anamwambia mama yake, wewe ulinifungia mzigo nikaondoka, sasa mimi ndiye ninayekufungia, lakini mzigo unakuja bila mimi. Tayari kuna mgeuko: aliyefungiwa amekuwa mfungaji. Tayari pia kuna kitenzi kinachojirudia, yaani kufunga. Ukiandika sentensi yako ukaona kitenzi kimoja kinataka kurudi, kipigie mstari. Mara nyingi kitenzi hicho ndicho kinachokuonyesha kitu.

Sentensi hii haiimbwi. Ibandike juu ya ukurasa. Utaihitaji kila unaposhawishika kuongeza kitu kipya.

Hatua ya 2: Kusanya vitu, hisia ziache

Tenga dakika 20 uandike vitu 20. Gawa ukurasa sehemu tatu: mahali anapoondoka, chombo anachosafiria, na chumba anachofikia. Andika majina ya vitu tu, yaani kitu ambacho mtoto mdogo angeweza kukuletea ukimtuma. "Upweke" hauletwi. "Matumaini" hayaletwi. Ndoo, kitasa, kandambili, kipande cha kioo, msumari: hivyo vinaletwa.

Vitu sita au saba vya kwanza vitakuwa vile ambavyo kila mtu huanza navyo: barabara, basi, machozi, sanduku, taa, mlango. Viandike vitoke njiani, kisha endelea. Vitu vyenye uhai huanza kuja baada ya kile cha kumi, pale kichwa kinapoishiwa na vya kuazima na kuanza kutazama kweli.

Ukishapata orodha, uliza swali moja kwa kila kitu: kabla ya safari hii, kilikuwa kinafanya kazi gani? Swali hili hutenganisha pambo na taswira. Sanduku jipya halikuwa na kazi yoyote. Lilinunuliwa kwa ajili ya safari, kwa hiyo halijui chochote kuhusu nyumbani. Kamba iliyofunga mzigo ilikuwa na kazi nyingine. Ilimfunga mbuzi. Na kama kamba ipo huru leo, mbuzi yuko wapi? Ameuzwa ili nauli ipatikane. Kwa swali moja dogo tumepata gharama ya safari yote bila kutaja umaskini hata mara moja. Kitu chenye historia ya namna hiyo kinakuja na nusu ya wimbo mgongoni.

Hatua ya 3: Pima wagombea wachache

Bakiza vitu vinne au vitano, kisha vipitishe kwenye maswali haya. Je, kitu hiki kinaweza kuwepo nyumbani, njiani na mjini? Je, kinaweza kubadilisha kazi au mikono bila chenyewe kuwa kitu kingine? Je, kina vitenzi visivyopungua sita vinavyokihusu kikweli? Na je, kinaonekana machoni mara tu kinapotajwa, bila maelezo?

Tuchukue barabara. Inaonekana, lakini haiingii chumbani. Ubeti wa pili ukifika mjini, barabara imebaki nje, na mtunzi hulazimika kusema "barabara ya maisha" ili kuirudisha. Hapo taswira imekufa, kimebaki kivuli chake.

Viatu ni bora zaidi. Vipo nyumbani, njiani na mjini, na soli inalika. Tatizo lake ni mwendo wa upande mmoja: vinachakaa, halafu vinazidi kuchakaa. Kwa wimbo mfupi wa beti mbili vinatosha. Kwa beti tatu zenye mgeuko, ubeti wa tatu utakuwa unarudia wa pili kwa maneno mengine.

Ufunguo wa nyumba ya kwao ni mgombea mzito, na si haki kuutupa haraka. Mfukoni mwa mtu aliye mjini haufungui mlango wowote, na hilo linauma. Lakini angalia unafaa sentensi ipi. Ufunguo unahusu mtu asiyeweza kurudi, au anayerudi akakuta kitasa kimebadilishwa. Kama hiyo ndiyo sentensi yako, chukua ufunguo na usitazame nyuma. Sentensi yetu inahusu mikono miwili inayofungiana mizigo, na ufunguo hauna mkono wa pili.

Kamba inapita maswali yote. Inatoka shingoni mwa mbuzi, inafunga mzigo, inaingia chumbani kama kamba ya kuanikia nguo, na inarudi nyumbani ikiwa imefunga mzigo mwingine. Haijageuka kuwa alama ya kitu fulani. Ni kamba ileile, yenye urefu uleule. Zaidi ya hayo, lugha yenyewe iko upande wake. Kwa Kiswahili safari hufungwa. Moyoni huwekwa fundo. Mtu aliyefungasha virago anaeleweka bila maelezo. Taswira inayokaa vizuri ni ile ambayo lugha tayari ilikuwa imeianza.

Hatua ya 4: Chora orodha ya vitenzi

Chukua ukurasa mwingine. Andika neno kamba katikati, na kulizunguka uandike kila kitu ambacho kamba hufanya au hufanywa: kufunga, kukaza, kufungua, kulegea, kuvuta, kutanda, kuanika, kuchakaa, kuunga, kukata, kukatika. Mbele ya kila kitenzi andika maneno machache ya jambo la kweli katika safari ya msemaji. Kufunga: nguo mbili. Kutanda: kati ya misumari miwili chumbani. Kuanika: shati moja la kwenda kuombea kazi. Kukaza: mkono wa mama, kisha jino la mtoto.

Vitenzi ambavyo havikupata jambo la kweli mbele yake viache, hata vikiwa vitamu. Kuvuta na kukatika vingeweza kuleta maneno makali, lakini katika hadithi yetu hakuna kilichovutwa wala kilichokatika chenyewe. Ukiviingiza kwa sababu vinasikika vizuri, msikilizaji ataanza kusikia mtunzi badala ya mtoto.

Sasa soma orodha yako kwa sauti na usikilize vitenzi vinavyofanana. Kaza na kata. Herufi moja tu inazitenganisha, na maana zake zinapingana kabisa. Jozi ya namna hiyo ikijitokeza, iandike kwa herufi kubwa, kwa kuwa kiitikio huenda kimeshapatikana.

Hatua ya 5: Ubeti mmoja, kazi moja

Gawa kazi za kamba kabla ya kuandika mshororo wowote. Ubeti wa kwanza: kamba inafunga mzigo wa kuondokea. Wa pili: kamba inaanika shati chumbani. Wa tatu: kamba inafunga mzigo wa kurudisha nyumbani. Usiweke kazi mbili katika ubeti mmoja. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Anahitaji mishororo minne yote ili aone kitu kimoja kikitokea.

Ubeti wa kwanza, kwa mizani 8 kila mshororo:

Mbuzi kauzwa nauli,
kamba mkononi mwako;
ukafunga nguo mbili
kwa fundo la peke yako.

"Kauzwa" badala ya "ameuzwa" inaokoa silabi moja, na ni matumizi yanayokubalika katika ushairi. Hesabu mizani kwa kupiga meza, si kwa macho. "Mbuzi" ni silabi mbili, mbu-zi, lakini "mkononi" ni nne, m-ko-no-ni, kwa kuwa ile "m" inasimama peke yake. Wengi huteleza hapo, kisha hushangaa kwa nini mshororo unaonekana mfupi kwenye karatasi na mrefu mdomoni.

Angalia pia kilichoachwa. Hakuna neno umaskini, hakuna kwaheri, hakuna machozi. Kuna mbuzi mmoja, nguo mbili na fundo. Mbuzi na kamba vikikaa mishororo miwili ya mwanzo, methali ya mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake inamjia msikilizaji yenyewe. Usiinukuu. Ukiinukuu unamnyang'anya furaha ya kuifikia mwenyewe, na wimbo unageuka wosia.

Ubeti wa pili:

Sasa yakatiza chumba,
misumari huku, kule;
shati lile la kuomba
kazi hukauka pale.

Hapa neno kamba halimo kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Kiambishi "ya" katika "yakatiza" kinatosha. Sikio bado linaishikilia kamba kutoka kwenye kiitikio kilichoimbwa sekunde chache kabla. Ngeli za Kiswahili zinampa mtunzi nafasi hii: unaweza kukiongoza kitu ubeti mzima bila kukitaja. Itumie angalau mara moja katika wimbo, ili jina litakaporudi lisikike kama limekumbukwa.

Tazama pia ule mkato kati ya mshororo wa tatu na wa nne. "Shati lile la kuomba" linasimama kwa nukta moja ya muziki, na kwa muda mfupi huyu ni mtu aombaye tu. Kisha "kazi" linafika na kumnyanyua kidogo. Mwimbaji asiunganishe mishororo hiyo kwa pumzi moja. Avute pumzi baada ya "kuomba".

Neno kamba lina utajiri mwingine, nao ni vina. Nyumba, chumba, shamba, kuomba, kuimba, kuyumba: karibu kila jambo la safari hii linaishia na "mba". Hilo ni jambo la kulipima mapema unapochagua kati ya vitu viwili vinavyolingana. Andika maneno kumi yenye kina cha kitu chako. Kama manne au matano yanahusu hadithi yako, utaandika kwa wepesi. Kama yote ni maneno ya kulazimisha, basi usikiweke kitu hicho mwisho wa mshororo, kiweke katikati.

Ubeti wa tatu:

Leo nafunga mzigo
kwa kamba ya mbuzi yule;
fundo nakaza kwa gego,
kama wewe siku ile.

Gego ndilo linalobeba ubeti huu. Mtu akikaza fundo kwa jino la nyuma, tunaona shingo, taya na hofu yake kwa pamoja. Huhitaji kusema kwamba anampenda mama yake. Kila ubeti uwe na jambo moja la karibu namna hii, lililotazamwa kutoka umbali wa mkono. Likizidi moja, yanaanza kugombana.

Hatua ya 6: Kiitikio kinachosema neno lilelile, maana nyingine

Kiitikio cha kwanza ni hiki:

Kaza kamba, mama, kaza,
isifunguke njiani;
mkono wako waweza,
nifike nayo mjini.

Mshororo wa kwanza una maneno manne, kila moja silabi mbili. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mikazo inaangukia ka, ka, ma, ka, kwa mpangilio wa nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Weka kila silabi yenye mkazo kwenye pigo, na mshororo unaingia katika mapigo manne bila kusukumwa. Kosa la kawaida ni kuanza tuni mapema nusu pigo, hivyo pigo zito likaangukia "za" na "mba". Neno linasikika limepinda, na mwimbaji analaumiwa kwa matamshi wakati kosa ni la tuni. Likitokea, sogeza tuni mbele, usibadilishe maneno.

Baada ya ubeti wa pili kuna tatizo la wakati. Msemaji yuko mjini tayari, hawezi kuimba "nifike nayo mjini". Njia rahisi ni kuimba nusu tu ya kiitikio:

Kaza kamba, mama, kaza,
isifunguke njiani.

Maneno ni yaleyale, lakini sasa yanatoka kwa mtu aliyeketi chini ya shati linalodondosha maji. Mama hayupo wa kukaza chochote. "Njiani" haimaanishi tena barabara. Hakuna neno lililobadilika, ila ubeti uliotangulia umelisogeza. Kiitikio cha wimbo wenye taswira moja hufanya kazi hivyo: beti zinakibadilishia chumba, chenyewe kinabaki.

Kisha, baada ya ubeti wa tatu, daraja:

Kamba imeshika njia,
mimi nimeshika zamu.

Mishororo miwili inatosha. Kitenzi ni kimoja, kushika, na kinawatenganisha wawili waliokuwa pamoja tangu mwanzo. Daraja ndipo watunzi wengi hukosea kwa kuanza kufafanua: "kamba hii ni upendo wetu, haitakatika kamwe". Sikia jinsi kamba inavyoyeyuka hapo. Daraja liwe ni tukio jipya la kitu kilekile, lisiwe tafsiri yake.

Na kiitikio cha mwisho:

Kata kamba, mama, kata,
fundo hili la mjini;
mkono wako wasita,
kisu kimo kikapuni.

Tuni ni ileile, mizani ni zilezile, na katika mshororo wa kwanza herufi moja imebadilika. Juu kabisa ya maneno, mtoto anamwambia mama fundo ni gumu mno, asihangaike kulifungua, akate. Chini yake kuna neno jingine ambalo hakuna anayelisema. "Waweza" imekuwa "wasita", na kwa neno hilo moja tunajua miaka imepita. Kisu kimo kikapuni: mtoto hayupo, lakini anajua kisu cha nyumbani kinakaa wapi. Ukigundua kwamba "yakatiza" ya ubeti wa pili ina "kat" ya kata na "za" ya kaza, utaona sikio lilikuwa limeandaliwa kabla halijajua. Mambo ya namna hii huonekana katika kuandika upya, hayapangwi tangu mwanzo. Kazi yako ni kutoyafuta yanapojitokeza.

Ili mgeuko huu usikike, mwimbaji atamke "kata" wazi. Punguza ala kwenye mshororo huo, au ziondoe kabisa kwa mapigo mawili ya kwanza. Ngoma ikiwa nzito, "kata" itasikika "kaza", na wimbo mzima utakuwa umeisha bila kutokea chochote.

Mambo yanayoiharibu taswira

La kwanza na kubwa kuliko yote ni neno dogo "ya". Kamba ya upendo, mlango wa matumaini, taa ya moyo wangu, barabara ya maisha. Ukiunganisha kitu kinachoshikika na jina la hisia kwa namna hii, kitu kinapotea na kinabaki jina la hisia likiwa limevaa kofia. Pitia rasimu yako, tia duara kila "ya", "wa", "la" na "cha", kisha uliza kama kilicho upande wa pili kinaweza kuletwa na yule mtoto uliyemtuma. Kamba ya mbuzi inaletwa. Fundo la mjini linaletwa. Kamba ya upendo ikatwe.

La pili ni kusahau kitu kiko wapi. Taswira ya kitu ina sheria za kitu. Kamba ikiwa imetandwa chumbani katika ubeti wa pili, haiwezi kufunga mzigo katika wa tatu bila kushushwa. Katika wimbo wetu haikusemwa imeshushwa, lakini neno "leo" linaweka umbali wa siku kati ya beti hizo mbili, na msikilizaji anaijaza nafasi. Bila "leo", angejikwaa. Chora mstari wa safari ya kitu chako: kiko kwa nani, kimefungwa wapi, kina urefu gani. Pengo lolote utakaloliona kwenye mstari, msikilizaji atalisikia kwenye wimbo, hata kama hataweza kulitaja.

La tatu ni mchezo wa maneno unaovutia kupita kiasi. Mitaani, kumpiga mtu kamba ni kumdanganya. Kwa wimbo huu kishawishi ni kikubwa, kwa sababu kila aliyeondoka kwao amewahi kupiga simu na kusema mambo ni mazuri. Mshororo uko tayari, una mizani 8 na kina kinachokaa sawa na chumba na kuomba: "Simuni napiga kamba". Ni mshororo mzuri, na hapa haufai. Mara unapouimba, kamba inaacha kuwa kitu cha nyuzi na kuwa neno la mtaani. Msikilizaji anatabasamu, na akirudi kwenye mzigo wa ubeti wa tatu anasubiri mchezo mwingine. Kama mshororo huo unakung'ang'ania, utungie wimbo wake, wenye sentensi yake.

La nne ni kutaja kupita kiasi. Katika wimbo huu neno kamba linasikika mara sita: mara moja katika ubeti wa kwanza, wa tatu na daraja, na mara moja katika kila kiitikio, kile cha nusu kikiwemo. Kwa wimbo wa ukubwa huu, mara tano hadi nane zinatosha. Zikizidi kumi, jaribu kuondoa jina katika ubeti mmoja uone kama ngeli itabeba. Zikiwa chini ya nne, taswira haijashika, na kuna kitu kingine kinachoishindania nafasi. Kitafute. Mara nyingi ni mvua.

Kujaribu kabla ya kurekodi

Mwimbie mtu mmoja asiyejua kichwa cha wimbo, mara mbili mfululizo, bila kumpa maneno kwenye karatasi. Usimuulize kama ameupenda, wala kama ameuelewa; atajibu kwa adabu. Muulize ameona nini. Akisema "nimeona kamba, na shati limeanikwa, na mama anatafuta kisu", taswira imebeba. Akisema "unahusu shida za mjini", ameupata ujumbe lakini hakuona kitu, na mara nyingi sababu iko kwenye ubeti wa pili, ambako maelezo yamejipenyeza. Akitaja vitu vitatu ambavyo havihusiani, una taswira tatu. Rudi kwenye sentensi iliyobandikwa juu ya ukurasa ubakize kimoja.

Muulize pia swali la pili: mwisho wa wimbo, kamba iko wapi? Jibu likiwa "kwa mama, imekatwa", amesikia herufi iliyobadilika. Likiwa "sijui", mgeuko haukusikika, na tatizo liko kwenye mpangilio wa ala au matamshi kabla ya kuwa kwenye maneno. Imba tena kiitikio cha mwisho bila ala yoyote. Akiipata hapo, maneno yaache yalivyo.

Wakati mwingine kitu kitapita vipimo vyote na bado ubeti wa tatu utakataa kuandikika. Usianze kukipamba. Rudi kwenye orodha ya vitenzi, tafuta kitenzi ambacho hujakitumia na chenye jambo la kweli mbele yake. Kama hakuna hata kimoja, kitu chako ni cha beti mbili. Kata ubeti wa tatu, malizia kwenye daraja.